Gauni la Kwenye Picha, Gauni la Kwenye Cherehani

Fundi nguo akipokea picha ya gauni kwenye simu, kuna jambo moja anataka kulijua kabla hajataja bei: je, gauni hili limewahi kuvaliwa na mtu? Kama limevaliwa, basi lilishonwa. Fundi mzoefu ataivuta picha kwa vidole viwili, ataona mishono ilipopita, marinda yalipoanzia na zipu ilipofichwa, na hapo atajua aanze wapi. Lakini picha nyingi zinazofika sasa kwa mafundi zimeeditiwa. Mteja amependa kifua cha gauni moja, mikono ya jingine, kisha akamwaga rangi ya kitenge chake juu ya vyote. Matokeo yanavutia kwa macho, ila ndani ya picha hiyo hakuna mshono hata mmoja uliowahi kushikilia nguo.

Simlaumu mteja. Picha ya kuunganisha inaeleza matamanio yake vizuri kuliko maneno peke yake, na mafundi wengi watakwambia ni nafuu kuliko yule anayesema "nishonee kitu kizuri tu". Tatizo linaanza pale picha inapotumwa bila ujumbe, au na ujumbe wa maneno manne: "Dada nataka kama hii." Fundi hana njia ya kujua kipi kimetoka kwenye nguo halisi na kipi kimechorwa kwa kidole. Ataamua mwenyewe, na mteja atayaona maamuzi hayo siku ya kujaribisha, kitambaa kikiwa kimeshakatwa.

Tuchukue gauni moja la sendofu tulifuatilie. Dada mmoja wa Dar es Salaam amenunua kitenge Kariakoo, pisi ya yadi 6, chenye ndege wakubwa juu ya mandhari ya bluu. Kwenye simu ana picha ya gauni la satini ya rangi moja: kifua kimebana, mabega wazi bila mkanda wowote, sketi imemwagika hadi kwenye kifundo cha mguu. Ana picha nyingine ya gauni la kitenge lenye mikono mikubwa ya puto. Akaikata mikono ile akaibandika kwenye gauni la satini. Kisha akapiga picha kitenge chake, akakitandaza juu ya satini hadi ndege wakaenea gauni zima. Mwisho akapunguza kiuno kidogo na kung'arisha rangi.

Mikono ndiyo yenye kesi kubwa hapa. Mkono wa puto katika gauni la asili umeshonwa kwenye tundu la mkono, na tundu hilo linaundwa na bega. Kitambaa kinakusanywa juu, kinapanda begani, na bega ndilo linalobeba uzito. Gauni la satini halina bega. Kifua chake kinajishikilia kwa kubana mbavuni, mara nyingi kwa msaada wa vijiti vyembamba vya plastiki vilivyoshonwa ndani ya bitana. Kwenye picha mikono inaonekana imekaa vizuri tu pembeni mwa kifua, kwa sababu picha haina uzito. Kwenye mwili, mikono hiyo inahitaji pa kushikia.

Fundi anaweza kulimaliza jambo hilo kwa njia mbili, na zinatoa magauni mawili tofauti. Anaweza kuongeza bega la kweli, na hapo shingo inabadilika na mabega yanafunikwa. Au anaweza kuacha mabega wazi, akatia lastiki juu ya kila mkono ili ubane sehemu ya juu ya mkono wa mvaaji, na kuushona pembeni mwa kifua kwa mbele na kwa nyuma. Njia ya pili inafanana zaidi na picha, lakini ina gharama yake: ukiinua mikono juu, lastiki inapanda na kifua kinavutwa nayo. Mtu anayekwenda kukaa meza kuu akipigwa picha hatasumbuka. Mtu anayekwenda kuingia ukumbini akicheza, akiwatunza wenzake na kupiga vigelegele, atakuwa anavuta gauni usiku kucha. Fundi hawezi kujua wewe ni yupi kati ya hao wawili mpaka umwambie.

Kitu kingine kinachopotea kwenye kuunganisha ni kile kilichoondolewa. Ukiongeza kitu kwenye picha, fundi anakiona. Ukifuta kitu, hakuna alama. Kama gauni la satini lilikuwa na mpasuo ukaufuta, na kisha ukamtumia fundi picha ya asili pia ili imsaidie, ataukuta mpasuo kwenye moja na kuukosa kwenye nyingine. Ujumbe usiposema, atadhani picha moja imepigwa upande mwingine wa gauni.

Sasa tuje kwenye ndege. Kitenge kilichobandikwa kwenye simu kinalala juu ya gauni kama karatasi: hakifuati mikunjo, hakikatiki penye mshono, na ndege wote wamesimama wima kuzunguka sketi nzima. Hapo ndipo fundi mwenye jicho anapogundua kwamba picha imeeditiwa hata kama mteja hakusema. Kwenye nguo ya kweli ua linaingia ndani ya rinda na kutoka upande wa pili likiwa limekatika, na penye mshono wa pembeni halikutani na mwenzake ila fundi amelihangaikia.

Sketi ile ya satini imemwagika kwa sababu imekatwa duara. Hebu tuipigie hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayoamua kama gauni linawezekana. Kiuno cha mteja ni inchi 30. Duara lenye mzunguko wa inchi 30 lina nusu kipenyo cha karibu inchi 5. Kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo anataka inchi 38, na pindo inchi 1. Jumla, kutoka katikati ya duara hadi ukingoni ni karibu inchi 44. Kitenge chake kina upana wa inchi 46, kwa hiyo nusu duara inaingia upana huo, lakini kwa urefu inakula inchi 88. Nusu duara mbili ni inchi 176, yaani karibu yadi 5. Katika yadi 6 inabaki yadi moja na kidogo, ambayo kifua peke yake kitaigusa karibu nusu. Mikono miwili ya puto haitapata nafasi. Vipande vya kona vinavyobaki pembeni mwa duara vitatoa mkanda na vitu vidogo vidogo, si mkono wa puto.

Na hata kama angenunua pisi nyingine, ndege wangemsumbua. Kitambaa kinapokatwa duara, uzi unakwenda wima sehemu moja ya sketi na kulala sehemu nyingine. Ndege aliyesimama mbele ya goti atakuwa amelala ubavuni. Hakuna ufundi wa kuliepuka hilo, kwa kuwa kitambaa ni kimoja na ndege wamechapwa kuelekea upande mmoja. Satini ya rangi moja haina tatizo hili, ndiyo maana mshono ule ulipendeza kwenye picha ya asili. Zaidi ya hapo, satini ni laini na inateleza kufuata mwili, wakati kitenge cha pamba kina ugumu wake: kitasimama kwa nje, mikunjo yake itakuwa mikubwa na michache. Wapo wanaokipenda hivyo, na mimi ni mmoja wao, lakini si umbo la picha.

Fundi akiulizwa mapema atashauri sketi ya marinda. Anakata vipande viwili vya upana mzima wa kitenge, kila kimoja inchi 41 kwa urefu, hiyo ikiwa inchi 38 za sketi na 3 za pindo na mshono wa kiuno. Vinakula inchi 82, yaani yadi 2 na inchi 10. Vikiungwa pembeni vinatoa mzunguko wa karibu inchi 90, ambao ukikunjwa marinda ya mara tatu unaingia kwenye kiuno cha inchi 30 bila kubaki wala kupungua. Ndege wote watasimama wima, mbele na nyuma. Zinabaki zaidi ya yadi 3 na nusu kwa ajili ya kifua na mikono, na mikono inaweza kuwa mikubwa hata kuliko ya kwenye picha. Kinachopotea ni ule mmwagiko: pindo la sketi ya duara lingekuwa na zaidi ya inchi 260, hili lina 90. Mteja ndiye wa kuchagua kati ya ndege waliosimama na sketi iliyomwagika. Hawezi kuchagua kama hajaambiwa, na fundi hawezi kumwambia kama hajui kwamba ndege wale wamebandikwa.

Kuna suala la ukubwa wa ua pia. Katika picha aliyoiunganisha, kati ya kifua na kiuno kuna ndege watano wadogo, kwa sababu picha ya kitenge ilipunguzwa ili ienee. Kwenye kitambaa chenyewe ndege mmoja ana urefu wa inchi 9. Kifua cha gauni la mabega wazi kina urefu wa karibu inchi 12 mbele. Ataingia ndege mmoja na kipande cha wa pili, basi. Swali la maana kwa fundi linakuwa: huyo mmoja akae wapi? Akikaa katikati mzima, gauni linapendeza. Mshono ukipita shingoni mwake, kila atakayemtazama mvaaji ataona ndege asiye na kichwa. Dawa yake ni rahisi: laza kitenge chini nje ya nyumba, mchana, tandaza futi juu yake, piga picha kutoka juu. Fundi ataona ukubwa wa ua, mwelekeo wake na rangi yake ya kweli, maana rangi iliyong'arishwa kwenye simu inaweza kumfanya achague uzi na bitana visivyoendana.

Kuhusu mwili nitasema kwa ufupi. Kiuno kikipunguzwa kwenye picha, kila kitu kingine kinabadilika uwiano: mikono inaonekana mikubwa zaidi, sketi inaonekana pana zaidi. Mafundi wanaujua mchezo huu. Tazama ukuta au mlango nyuma ya mvaaji. Kama mstari ulionyooka unapinda kuingia ndani ukifika usawa wa kiuno, picha imebanwa. Haina haja ya aibu wala maelezo marefu. Sema tu kwamba kiuno cha picha si chako, na vipimo vichukuliwe mwilini. Unapotaja urefu au kina cha shingo, taja kwa inchi na useme unaanzia wapi. "Shingo iwe chini kidogo" ina maana nyingi kama walivyo wasomaji wake. "Inchi 5 kutoka kishimo cha koo kushuka kifuani" ina maana moja.

Halafu kuna kushoto na kulia. Picha uliyojipiga mwenyewe mbele ya kioo imegeuka, na baadhi ya simu huigeuza pia picha ya kamera ya mbele. Ua la kupachika unaloliona upande wa kulia wa picha linaweza kuwa kushoto kwa mvaaji. Kama kuna maandishi popote nyuma yake yatazame: yakisomeka kinyume, picha imegeuka. Kwenye ujumbe usiandike "kulia" peke yake, andika "kulia kwangu nikiwa nimelivaa".

Baada ya yote hayo, ujumbe wa dada yetu unaweza kuwa hivi:

"Dada, habari za leo na pole na kazi. Nakutumia picha nne za gauni la sendofu ya mdogo wangu. Namba 1 nimeiediti mwenyewe, nimeunganisha picha mbili, kwa hiyo hakuna gauni lililoshonwa hivyo. Namba 2 ndiyo gauni la satini nilikotoa kifua na sketi. Namba 3 ndiko nilikotoa mikono. Namba 4 ni kitenge changu chenyewe, nimeweka futi juu yake uone ukubwa wa ndege. Kipo yadi 6, upana inchi 46, na nimeshakifua.

"Ninachotaka ukifuate kwenye namba 1 ni kifua kilichobana, mabega kuwa wazi, na mikono ya puto inayoishia kwenye kiwiko. Mpasuo unaouona namba 2 nimeufuta, siutaki. Ua kubwa la kitambaa liwe kiunoni, kushoto kwangu nikiwa nimelivaa.

"Usichokifuata ni jinsi ndege walivyokaa, hao nimewabandika tu. Naomba ndege mmoja mzima akae katikati ya kifua, asikatwe kichwa. Kwenye sketi wasimame wima. Kama haiwezekani kwa mshono wa namba 2, niambie kuna mshono gani mwingine kabla hujakata. Kiuno cha kwenye picha pia nimekipunguza, fuata vipimo utakavyonichukua.

"Urefu, kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo ni inchi 38, nimepima nikiwa na viatu nitakavyovaa, nitakuja navyo. Nyuma hakuonekani kwenye picha: naomba zipu ya kujificha, mgongo usiwe wazi sana. Nitacheza sana siku hiyo, kwa hiyo nahitaji niweze kuinua mikono. Nitalichukua Alhamisi ya wiki ile, lakini naomba nije kujaribisha mapema likiwa bado halijatiwa pindo. Niambie kama kitambaa kinatosha, na gharama na bitana yake."

Ujumbe huu ni mrefu, na kuna watakaosema fundi hana muda wa kusoma. Atausoma, kwa sababu kila sentensi inamwondolea swali ambalo angelazimika kupiga simu kuuliza. Angalia jinsi ulivyoanza na jambo zito kuliko yote: namba 1 haijawahi kushonwa. Angalia pia kwamba umetaja nyuma ya gauni. Picha nyingi zinaonyesha mbele tu, na mteja husahau kwamba fundi anashona pande zote mbili.

Picha zenyewe zinahitaji uangalifu kidogo zinapotumwa. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, na mshono mwembamba wa kifuani unaweza kugeuka ukungu. Gusa alama ya HD kabla ya kutuma, au zitume kama faili. Andika namba juu ya kila picha kwa kalamu ya kwenye simu, kubwa, pembeni, isifunike gauni.

Fundi anayejua kazi atajibu kwa kuuliza, na majibu yake ndiyo kipimo cha kama ameelewa. Kwa dada yetu huyu atasema kitu kama hiki: "Mdogo wangu, nimeona. Ndege wima na sketi ya namba 2 haviendi pamoja, halafu yadi 6 hazitoshi. Nikuwekee marinda makubwa, ndege wote watasimama, na kitambaa kitabaki. Mabega wazi na kucheza navyo vinagombana. Nikutilie mikanda miembamba ya kushikia kifua, ya kitambaa hicho hicho, mikono iwe inaning'inia chini ya bega. Mikono itahitaji neti ngumu ndani isilale. Unasemaje?"

Mikanda ile miembamba haipo kwenye picha yoyote kati ya zile nne. Imetoka kwenye sentensi moja ya ujumbe, ile ya kucheza. Inabeba kifua kutoka begani, hivyo lastiki ya mikono haina kazi ya kulishikilia gauni, na mvaaji akiinua mikono ni mikono tu inayosogea. Kwa kifua cha namna hii ni busara pia kumwomba fundi ashone kwanza kifua cha majaribio kwa amerikani au kitambaa chochote cha bei ndogo kisichovutika, akuvalishe, arekebishe kwa pini, ndipo aguse kitenge. Itaongeza gharama kidogo na siku moja au mbili. Kwa sketi ya marinda hakuna haja hiyo.

Mkishakubaliana, namba 1 imepitwa na wakati: sketi si ile, mabega si yale. Ikibaki kwenye simu ya fundi bila neno, kijana anayemsaidia kukata anaweza kuifungua siku ya kazi na kukata duara. Ifute kwenye mazungumzo, au tuma mpya iliyoandikwa "hii ndiyo ya mwisho", hata kama ni mchoro wa kalamu kwenye karatasi ya daftari: kifua, mikanda miwili, mikono chini ya bega, mistari ya marinda, na mshale unaoonyesha ndege wanaelekea juu. Mchoro wa aina hiyo hauna uzuri wa picha, lakini kila mstari wake una mshono unaolingana nao, na fundi anaweza kuubandika ukutani juu ya cherehani wakati anakata.